Entri za kufunga mwaka zinanikataa: mishahara, bima, ada na steshenari. Nimefuata notsi za chuo lakini bima inasoma milioni tatu

#1 binti_kihonda
Habari za mwaka mpya wakuu. Natunza vitabu vya shule moja ndogo ya udereva hapa Morogoro, tuna gari mbili na walimu watano wanaolipwa kwa siku, mwaka wetu wa hesabu unaisha 31 Desemba. Miaka yote kufunga mwaka alikuwa anafanya mhasibu wa nje, anakuja Februari anachukua vitabu anarudisha mizania imekamilika. Mwaka huu bosi kasema nifunge mwenyewe halafu yeye aje kupitia tu.

Vitu vya keshi nimeshaingiza vyote mpaka tarehe 31 Desemba 2025, benki imelingana na steitimenti, M-Pesa imelingana, faida kabla ya marekebisho inasoma 9,400,000. Yamebaki manne ndo yananitoa jasho. Walimu wanalipwa kila Jumamosi na mwaka umeisha Jumatano, kwa hiyo kuna siku walizofanya hawajalipwa. Bima ya gari zote mbili nililipa 2,400,000 tarehe 1 Oktoba 2025 kwa miezi 12 na nikaiweka yote gharama za bima. Ada, kila mwanafunzi ni 360,000 kwa vipindi 24, hela ikiingia naiweka moja kwa moja mapato ya ada, lakini wapo waliolipa na bado hawajamaliza vipindi. Na steshenari, ilikuwepo ya 140,000 mwanzo wa mwaka tukanunua ya 860,000, yote iko akaunti ya vifaa.

Nikaanza na bima nikafuata notsi zangu za chuo: miezi mitatu imetumika, 600,000, debiti gharama za bima krediti bima iliyolipwa mbele. Baada ya hapo gharama za bima inasoma 3,000,000 na bima iliyolipwa mbele inasoma 1,020,000. Premiamu yenyewe ya mwaka mzima ni 2,400,000 sasa gharama inafikaje milioni tatu?? Nimeifuta nikasimama hapo hapo, naombeni mwongozo kabla sijaharibu na mengine.

#2 kijana_wa_entri
Dada hapo notsi hazina kosa, ila zinaanzia mahali tofauti na wewe. Notsi zinachukulia siku unalipa uliweka bima iliyolipwa mbele, ndo maana mwisho wa mwaka wanatoa kilichotumika wanapeleka gharama. Wewe uliweka yote gharama tangu siku ya kwanza, kwa hiyo unageuza, unatoa gharama kile ambacho hakijatumika. Miezi tisa imebaki, 2,400,000 gawa kwa 12 ni 200,000 kwa mwezi, mara tisa ni 1,800,000. Entri yako ni debiti bima iliyolipwa mbele 1,800,000, krediti gharama za bima 1,800,000. Gharama inabaki 600,000 ambayo ni miezi mitatu. Imeisha hiyo. Mimi nasomea mitihani ya uhasibu ya NBAA na hili swali tumelifanya mara nyingi sana.

#3 chuma_ya_mbeya
Kama shida ni kodi mwambie bosi malipo ya Januari yote ayasogeze Desemba, mishahara, mafuta, kodi ya pango, faida ishuke. Na ada za wanafunzi ziandikeni mkishamaliza kuwafundisha ndo TRA wasizione mapema.

#4 binti_kihonda
@chuma_ya_mbeya hapana kaka, sitafuti kupunguza kodi, nataka kila kitu kikae kwenye mwaka wake. Mishahara ya Januari kazi yake haijafanyika Desemba sasa naiwekaje huko.

@kijana_wa_entri asante, nimeijaribu sasa hivi. Gharama imekuwa 600,000 kweli, ila bima iliyolipwa mbele inasoma 3,420,000. Hiyo ni zaidi ya premiamu ya mwaka mzima na miezi mitatu imeshapita. Bado kuna kitu hakijakaa sawa.

#5 kijana_wa_entri
Mh. 3,420,000 imetoka wapi? Inatakiwa isome 1,800,000. Labda umeingiza mara mbili, angalia tena.

#6 mzee_wa_leja
Hajaingiza mara mbili. Binti, kabla hatujaandika entri hata moja futa hizo za majaribio, halafu tuwekee hapa masalio ya akaunti nne kama yanavyosoma kwenye urari sasa hivi: mishahara ya kulipa, bima iliyolipwa mbele, ada zilizopokelewa mbele, na vifaa. Uandike na upande, debiti au krediti.

#7 binti_kihonda
Shikamoo mzee. Haya hapa:

Mishahara ya kulipa, krediti 160,000
Bima iliyolipwa mbele, debiti 1,620,000
Ada zilizopokelewa mbele, krediti 900,000
Vifaa, debiti 1,000,000

Hiyo ya vifaa naielewa, ni 140,000 ya mwanzo jumlisha manunuzi 860,000. Hizo tatu za juu mwaka mzima sijawahi kuzigusa, nilikuta zipo tangu Januari nikadhani ni za mhasibu.

#8 mzee_wa_leja
Marahaba. Ni za mhasibu kweli, ndizo zinazokusumbua. Ni marekebisho aliyofanya kufunga mwaka 2024, alishayaandika akaondoka na wewe ulipoendelea na 2025 hakuna aliyeyarudisha. Yamekaa pale miezi kumi na mbili.

Twende moja moja uone hazikutoka hewani. Tarehe 31 Desemba 2024 ilikuwa Jumanne. Wiki inaanza Jumatatu, kwa hiyo walimu walikuwa wanadai siku mbili. 160,000 gawa kwa mbili ni 80,000 kwa siku. Mlikuwa na walimu wanne wa 20,000 wakati ule?

Na hiyo 1,620,000, kama bima ya 2024 nayo ililipwa 1 Oktoba basi hiyo ni miezi tisa, 180,000 kwa mwezi. Nenda kwenye faili utafute risiti ya Oktoba 2024, naamini utakuta 2,160,000.

#9 binti_kihonda
Mzee!! Risiti ni 2,160,000 kamili. Na walimu walikuwa wanne, wa tano aliajiriwa Machi 2025. Sasa nimeelewa kwa nini ile 1,020,000 ilikuwa haieleweki, nilikuwa natoa matumizi ya bima mpya kwenye salio la bima ya zamani.

#10 mzee_wa_leja
Hapo umefika penyewe. Sasa nisikilize, na @kijana_wa_entri na wewe uipokee maana mwelekeo wa entri yako ulikuwa sahihi, kilichokosekana ni kuangalia kilichokuwemo tayari.

Usianze na entri. Anza na swali: tarehe 31 Desemba usiku, salio la kweli la akaunti hii linatakiwa kuwa ngapi? Hilo unalipata nje ya leja, kwenye hati ya bima, kwenye rejista ya mahudhurio, kwenye stoo. Halafu angalia leja inasoma ngapi. Tofauti ya hizo mbili ndiyo entri yako, na upande wa pili unaenda kwenye gharama au mapato yanayohusika. Ukifanya hivyo haijalishi siku ya kulipa uliweka gharama au uliweka mali, na haijalishi mhasibu wa mwaka jana aliacha nini.

Bima. Salio linalotakiwa ni miezi tisa ya hati mpya, 1,800,000. Lililopo ni 1,620,000. Tofauti 180,000. Entri ni debiti bima iliyolipwa mbele 180,000, krediti gharama za bima 180,000, basi. Gharama inashuka kutoka 2,400,000 inakuwa 2,220,000.

Sasa ipime. Gari zenu zilikuwa na bima mwaka mzima wa 2025. Januari hadi Septemba zilitembea kwa hati ya zamani, miezi tisa mara 180,000 ni 1,620,000. Oktoba hadi Desemba kwa hati mpya, miezi mitatu mara 200,000 ni 600,000. Jumla 2,220,000. Imekubali. Ile 600,000 ya kijana ingesema gari zilikuwa na bima miezi mitatu tu mwaka mzima, na hakuna trafiki angewaacha mtembee miezi tisa bila bima.

#11 kijana_wa_entri
Nimeelewa mzee, asante. Kwenye mtihani mara nyingi wanakupa akaunti inaanzia sifuri ndo maana hilo la salio la mwanzo lilinipita. Swali, hiyo 2,400,000 ina VAT ndani, unaitoa au unaiacha?

#12 binti_kihonda
Ina VAT ndani ndio, ila sisi hatujasajiliwa VAT.

#13 mzee_wa_leja
Basi inabaki nzima, hamna pa kuirudishia hiyo kodi kwa hiyo ni sehemu ya gharama. Wangekuwa wamesajiliwa na wanairudisha, ungegawa premiamu bila VAT.

#14 wa_kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Nimeusoma huu uzi wote, nami nina matatu moja ila bima ya PSV mimi nailipa mwezi kwa mwezi, sinayo hela ya mwaka mzima kwa mpigo. Ya mwisho nililipa 9,300 tarehe 15 Desemba hadi 14 Januari. Sasa mwataka kuniambia nami nina bima iliyolipwa mbele? Kijana wangu anayeniwekea hesabu kwa QuickBooks hajaniambia kitu kama hicho.

#15 kijana_wa_entri
Unayo ndio. Tarehe 15 hadi 31 Desemba ni siku 17, zimebaki siku 14 za Januari. 9,300 gawa siku 31 ni 300 kwa siku, mara 14 ni 4,200. Inatakiwa iondoke gharama za mwaka huu.

#16 mzee_wa_leja
Hesabu ni sahihi lakini mimi nisingemsumbua nayo. Kila Desemba atakuwa na kipande kama hicho, na kila Januari kipande cha mwaka uliopita kimeingia. Kinachobaki kwenye faida ni tofauti ya vipande viwili, labda shilingi mia kadhaa za Kenya. Miezi kumi na mbili ya bima imo kwenye mwaka, inatosha.

#17 kijana_wa_entri
Hapo tutatofautiana mzee, mimi naona kama unaijua tarehe na kiasi hakuna sababu ya kuacha. Leo unaacha 4,200 kesho ana matatu tano.

#18 wa_kisauni
Zikifika tano ntarudi niwaulize. Kwa sasa nawashukuru, endeleeni na huyo binti.

#19 binti_kihonda
Mzee nimejaribu mwenyewe mishahara kwa njia yako. Walimu watano wa 20,000 ni 100,000 kwa siku, Jumatatu tarehe 29, Jumanne 30, Jumatano 31, siku tatu ni 300,000. Salio linalotakiwa 300,000, lililopo 160,000, entri ni debiti gharama za mishahara 140,000 krediti mishahara ya kulipa 140,000. Niko sawa?

#20 chuma_ya_mbeya
Mbona mnazunguka, hiyo hela si mtalipa tu Jumamosi? Andikeni krediti benki 300,000 tarehe 31 muishie hapo.

#21 mzee_wa_leja
@chuma_ya_mbeya benki haijatoa hiyo hela tarehe 31. Ukiandika hivyo leja ya benki inasoma pungufu 300,000 kuliko steitimenti, na binti alishalinganisha. Marekebisho haya yote manne hayagusi keshi, hayagusi benki, hayagusi M-Pesa. Ukijikuta kwenye entri ya kurekebisha umeandika benki, simama, ama hiyo sio entri ya kurekebisha ama kuna malipo yalisahaulika.

Binti njia ni sahihi. Lakini umehesabu walimu watano mara siku tatu kwa kichwa. Hao wanalipwa kwa siku, rejista ya mahudhurio inasemaje?

#22 binti_kihonda
Nimeifungua. Mmoja hakuja tarehe 30, alikuwa amefiwa. Kwa hiyo ni siku 14 za watu, 280,000. Na kweli Jumamosi tarehe 3 Januari tulilipa 580,000 sio 600,000, sikuunganisha. Alhamisi ilikuwa sikukuu lakini bosi huwa analipa sikukuu.

#23 mzee_wa_leja
Vizuri, na hiyo 580,000 ndiyo inakuthibitishia. Siku za Desemba 280,000, siku za Januari tatu pamoja na sikukuu 300,000. Ya sikukuu ni ya Januari hata kama mmelipa kwa bahasha moja. Basi linalotakiwa 280,000, lililopo 160,000, entri ni 120,000.

Na usirudie kilichotokea mwaka jana. Hiyo 580,000 uliyolipa tarehe 3 usiipeleke yote gharama za mishahara 2026. 280,000 inakwenda debiti mishahara ya kulipa, inafuta deni, na 300,000 ndiyo gharama ya Januari. Mwaka jana yote ilienda gharama, ndo maana 160,000 ikabaki imening'inia mpaka leo na gharama za 2025 zikabeba siku mbili za 2024 bila mtu kujua. Njia nyingine ni tarehe 1 Januari ugeuze entri yote, debiti mishahara ya kulipa 280,000 krediti gharama 280,000, halafu Jumamosi ulipe kama kawaida 580,000 yote gharama, gharama halisi inabaki 300,000 hiyo hiyo. Mimi napenda hii ya pili kwa mtu anayelipa kila wiki maana hahitaji kukumbuka kitu Jumamosi akiwa na watu mlangoni wanasubiri hela.

#24 kijana_wa_entri
Na mchango wa mwajiri NSSF? Kama mwajiri anachangia asilimia 10, kwenye 280,000 kuna 28,000 nyingine ya gharama ambayo nayo ni ya Desemba.

#25 mzee_wa_leja
Umegusa pazuri kijana. Binti, hao walimu wa siku mnawapelekea NSSF?

#26 binti_kihonda
Wawili wa zamani ndio, watatu sina uhakika mkataba wao ukoje, hayo makaratasi anayo bosi. Nitamuuliza, kwa sasa naiacha hiyo wazi.

#27 dada_wa_stoo
Jamani nami nichangie kwenye steshenari maana ndo kazi yangu. Dada umeshahesabu stoo? Na ulihesabu lini? Hapo ndo wengi wanakosea, wanahesabu tarehe 5 au 10 Januari wanaandika kama ni tarehe 31.

#28 binti_kihonda
Nimehesabu Jumatatu tarehe 5 Januari, rimu, fomu, vitabu vya alama za barabarani, katriji, jumla imetoka 310,000. Nilitaka kuchukua 1,000,000 toa 310,000 nipate 690,000 imetumika.

#29 dada_wa_stoo
Hiyo 310,000 ni ya tarehe 5 dada, inabidi uirudishe nyuma mpaka tarehe 31. Kilichotoka stoo kati ya tarehe 1 na 5 unajumlisha, maana tarehe 31 kilikuwepo. Kilichoingia kati ya tarehe hizo unatoa, maana tarehe 31 hakikuwepo. Fungua daftari la stoo na risiti za Januari. Halafu bei weka uliyonunulia, sio bei ya dukani leo, mimi niliwahi kukuta mtu kahesabu rimu kwa bei mpya stoo ikaonekana imeongezeka bila kununua kitu.

#30 binti_kihonda
Daftari linasema zimetoka fomu na rimu za 45,000 tarehe 2 na 5. Na kuna katriji ya 85,000 imenunuliwa tarehe 3 Januari, risiti ninayo, ilikuwa kwenye rafu nikaihesabu. Kwa hiyo 310,000 jumlisha 45,000 toa 85,000 ni 270,000. Salio linalotakiwa 270,000, lililopo 1,000,000, entri ni debiti gharama za vifaa 730,000 krediti vifaa 730,000.

#31 dada_wa_stoo
Ndiyo. Ila ujue hiyo 730,000 tunaiita iliyotumika lakini ni kila kitu ambacho hakipo. Rimu iliyobebwa nyumbani na mtu nayo imo humo. Jumlisha kilichotoka kwenye daftari mwaka mzima, ikija mbali na 730,000 mwambie bosi. Leja haiwezi kukuonyesha hilo.

#32 binti_kihonda
Daftari tulianza kuliandika Agosti tu, kwa hiyo siwezi kupima mwaka wote. Kuanzia sasa ntalishika vizuri.

Sasa ada. Nimepitia rejista ya vipindi. Tarehe 31 tulikuwa na wanafunzi 14 ambao hawajamaliza. 360,000 gawa vipindi 24 ni 15,000 kwa kipindi. Jumla ya vipindi vilivyobaki kwa wote 14 ni 157, mara 15,000 ni 2,355,000. Lililopo 900,000 basi entri 1,455,000. Sawa?

#33 mzee_wa_leja
Wote 14 wamelipa ada nzima?

#34 binti_kihonda
Hapana, 12 wamelipa yote, vipindi vyao vilivyobaki ni 130. Wawili wamelipa nusu, 180,000 kila mmoja. Mmoja ameshafundishwa vipindi 16, mwingine vitano.

#35 mzee_wa_leja
Basi hao wawili watoe uwahesabu peke yao. Ada iliyopokelewa mbele ni hela ya mtu uliyoishika ambayo hujaifanyia kazi. Kama hujaishika hakuna anachokudai, hata kama amebakiza vipindi.

Wa vipindi vitano, kazi uliyomfanyia ni 75,000, amelipa 180,000, anakudai kazi ya 105,000. Huyo yumo. Wa vipindi 16, umemfanyia kazi ya 240,000, amelipa 180,000. Huyo ndiye anayedaiwa, 60,000. Ukimhesabia vipindi vinane vilivyobaki unaandika deni la 120,000 kwa mtu ambaye yeye ndiye mdeni wako.

Wale 12, vipindi 130 mara 15,000 ni 1,950,000, jumlisha 105,000 ni 2,055,000. Hilo ndilo salio linalotakiwa. Lililopo 900,000, entri ni debiti mapato ya ada 1,155,000, krediti ada zilizopokelewa mbele 1,155,000. Na pembeni debiti wadaiwa 60,000 krediti mapato ya ada 60,000.

#36 chuma_ya_mbeya
Hapo nimejifunza kitu, mimi nilidhani ada zilizopokelewa mbele ni zile wanafunzi wanazodaiwa.

#37 mzee_wa_leja
Wengi wanachanganya, na kwenye mizania zinakaa pande mbili tofauti kabisa. Ndo maana nimezitenganisha, usije ukatoa 60,000 kwenye 2,055,000 ukaandika 1,995,000. Deni la mwanafunzi mmoja halilipi vipindi vya mwenzake.

#38 binti_kihonda
Mzee nimepata tatizo jingine. Nimetafuta hao wa 900,000 ya mwaka jana ni kina nani. Wote walimaliza vipindi 2025 isipokuwa mmoja, alilipa 360,000 mwaka 2024, akasoma vipindi vinne, akahamia Arusha na hajarudi wala kupiga simu. Amebakiza vipindi 20, ni 300,000 ndani ya ile 900,000. Kwenye orodha yangu ya 14 hayumo maana rejista yake ilishafungwa. Hiyo 300,000 ni mapato yetu sasa au bado anatudai?

#39 kijana_wa_entri
Mapato. Mwaka mzima hajaonekana. Risiti zenu si zimeandikwa ada hairudishwi?

#40 binti_kihonda
Zimeandikwa ADA HAIRUDISHWI, hakuna kingine.

#41 mzee_wa_leja
Hairudishwi maana yake hamumpi hela. Haisemi vipindi vyake vimekufa. Akirudi Machi na risiti yake mkononi akasema nataka vipindi vyangu 20, bosi atamfundisha au atamfukuza?

#42 binti_kihonda
Bosi wangu atamfundisha, namjua.

#43 mzee_wa_leja
Basi mimi ningemwacha kwenye deni, salio linalotakiwa liwe 2,355,000 na entri 1,455,000.

#44 kijana_wa_entri
Ambayo ndo namba ile ile aliyoanza nayo hapo juu.

#45 mzee_wa_leja
Ndiyo, na asidhani ile hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi. Ile ilizidisha watu wawili wa nusu ada na ilimsahau huyu wa Arusha, imetokea tu vimelingana.

#46 kijana_wa_entri
Bado sikubali. Kwa uzoefu wa shule, wanaopotea hivyo wangapi wanarudi? Kama miaka mitano iliyopita hakuna aliyerudi, kumweka kwenye deni milele ni kusema uongo upande mwingine. Angalau wangeweka muda, miezi sita au mwaka, waiandike kwenye fomu ya kujiunga.

#47 mzee_wa_leja
Kwenye fomu mpya waandike, nakubaliana na wewe kabisa. Kwa huyu aliyelipa 2024 fomu yake haina muda. Kama binti akileta rekodi ya miaka ya nyuma inayoonyesha hawarudi, nitakusikiliza. Bila rekodi hiyo ni kubahatisha tu.

#48 binti_kihonda
Rekodi za kabla ya 2023 sizioni, ntamuuliza mhasibu akija. Nimeziandika namba zote mbili.

Faida ilikuwa 9,400,000. Mishahara imeishusha 120,000, bima imeipandisha 180,000, ada imeishusha 1,155,000, yule anayedaiwa ameirudisha 60,000, vifaa vimeishusha 730,000. Inabaki 7,635,000. Nikimweka wa Arusha kwenye deni ni 7,335,000. NSSF bado haimo. Bosi nilivyomwonyesha ameuliza hela zimeenda wapi, nikamwambia benki iko vile vile hakuna iliyotoka.

#49 wa_kisauni
Binti, yule kijana wangu nimemwuliza kuhusu hili la kugeuza entri Januari, asema kwa QuickBooks ukifungua hiyo entri ya jono kuna kitufe kimeandikwa Reverse, chaifanya yenyewe tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kama watumia hiyo.

#50 binti_kihonda
Natumia Eksel tu mzee wangu. Ila nimeigeuza ya mishahara kwa mkono, tarehe 1 Januari, na mishahara ya kulipa sasa inasoma sifuri. Ya bima sijaigeuza, nimetengeneza mstari wa 200,000 kila mwisho wa mwezi mpaka Septemba.

#51 mzee_wa_leja
Hivyo hivyo. Septemba 30 ikisoma sifuri ujue hujakosea mahali, isiposoma sifuri rudi hapa.